Saa tatu yangu si saa tatu yako

Haya, leo naweka kando mambo ya programu kidogo, ingawa mtaona hatukwenda mbali sana. Nataka kubishana na wale wanaosema kwamba mapenzi ya mbali yanauawa na umbali. Mimi nasema yakiwa bado machanga, yanauawa na kalenda.

Nilikutana naye kwenye arusi ya rafiki yangu hapa Nairobi, mwaka 2024. Wiki tatu baadaye alirudi Toronto, ambako anafanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee. Tukaahidiana: kila Jumapili tupigiane simu, saa nane mchana kwake, saa tatu usiku kwangu. Rahisi, sivyo? Tofauti ya saa saba, basi.

Jumapili ya Novemba 3 nikakaa na simu mkononi saa tatu kamili. Kimya. Saa tatu na dakika ishirini na tano nilikuwa nimeshatuma ujumbe wa tatu, na huo wa tatu sitaurudia hapa. Saa nne kamili akapiga, sauti baridi kama barafu ya kwao. "Nilikuwa kazini. Saa nane ndiyo hii. Nani amekosa ahadi?"

Hakuna aliyekosa. Usiku wa kuamkia siku hiyo, Toronto walirudisha saa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila Jumapili ya kwanza ya Novemba, kisha huzisogeza tena mbele Jumapili ya pili ya Machi. Sisi Kenya hatugusi saa zetu. Kwa hiyo ahadi yetu ilikuwa moja hadi Oktoba, halafu ikawa mbili, na kila mmoja akashika yake. Aibu yangu ni kwamba kazini mimi ndiye hukemea wenzangu kwa kosa hili hili! Ukiwa na Linux unaweza kuliona:

```
$ TZ=America/Toronto date -d 'TZ="Africa/Nairobi" 2024-11-03 21:00'
Sun Nov  3 13:00:00 EST 2024
```

Weka 2024-10-27 badala yake, utapata 14:00. Ndiyo maana usikariri "saa saba". Andika jina la mji, uiachie kompyuta hesabu.

Lakini jina la mji gani? Hapa ndipo penye ubishi wangu. Wengi hutaka usawa, leo saa yako, kesho yangu. Mimi naona ahadi iwe ya yule ambaye siku yake haipindiki. Zamu yake Jumapili huisha saa saba na nusu mchana, na msimamizi wake hajali kwamba Nairobi kumekucha au kumekuchwa. Basi tukio letu kwenye Google Calendar limewekwa saa za Toronto. Kwake ni saa nane mwaka mzima, kwangu ni saa tatu au saa nne usiku kutegemea majira. Mimi ndiye ninayelala nimechelewa, na nililisema wazi tangu mwanzo ili lisije likageuka deni la kimyakimya.

(Na tafadhali, andikianeni 14:00, si "saa nane". Mtu aliyekaa huko miaka mingi akisoma "saa nane" huenda akaona 8:00. Mswahili akiwa ughaibuni saa yake huwa na pande mbili.)

Siku za kazi ni ngumu zaidi. Jioni yangu, kuanzia saa moja hadi saa tano, yeye yuko kazini. Jioni yake ni usiku wangu wa manane. Dirisha pekee ni saa kumi na mbili asubuhi Nairobi, nikingoja matatu, ambapo kwake ni saa tano usiku. Ajabu ni kwamba wakati wa baridi inakuwa saa nne, kwa hiyo majira yaliyotugombanisha Jumapili ndiyo yanayotupa nafasi kati ya wiki.

Tulijaribu kulazimisha dirisha hilo kila siku. Tulidumu siku tisa, wote wawili tunasinzia na kujibu "sawa" tu. Sasa kati ya wiki ni ujumbe wa sauti, na jibu lina ruhusa ya kuchukua siku nzima. Alama za buluu hazina maana yoyote. Kukiwa na dharura, unapiga mara mbili mfululizo, maana simu zetu zote zimewekwa zikubali mpigaji anayerudia hata zikiwa katika Usinisumbue.

Imetumika mara moja tu. Saa tisa usiku, nikaruka kitandani moyo ukidunda. Alikuwa amepata likizo ya Desemba, akaona hilo ni dharura.