Maumivu yalipungua, lakini je, ugonjwa?

Katika vijiji vya pwani kama Moa, wilayani Mkinga, bado tunakutana na wazee wanaokikumbuka kikombe cha Babu. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliwavuta maelfu ya watu hadi Samunge, Loliondo, kunywa dawa ya mugariga kwa shilingi 500. Mvuvi mmoja alituambia: "Wanangu, mgongo ulikuwa umenikunja. Nilikunywa, nikarudi nimesimama wima. Mtasema nilijidanganya?"

Hapana, mzee wetu hakujidanganya. Mwaka 1978 watafiti wa California waliwapa dawa bandia watu waliong'olewa magego, na baadhi yao wakapata nafuu. Walipodungwa naloksoni, dawa inayoizuia mofini kufanya kazi, maumivu yao yalizidi. Hii ilionyesha kwamba mtu anapotarajia kupona, ubongo wake hutoa kemikali zinazofanana na mofini. Safari ndefu, foleni ya magari na ushuhuda wa waliotangulia vilikuwa sehemu ya dawa ile.

Lakini mzee aliendelea. Vidonge vya presha aliviacha pia, kwa sababu alijisikia mzima. Miezi michache baadaye alianguka ufukweni.

Hapa ndipo penye hatari. Mwaka huohuo wa 2011, watafiti wa Boston walichapisha utafiti juu ya pumu, ugonjwa ambao Babu naye alisema anautibu. Wagonjwa walivuta salbutamoli halisi au ya bandia, na wote walisema wamepata nafuu karibu sawa. Kipimo cha pumzi kilisema vingine: dawa halisi iliongeza nguvu ya pumzi kwa asilimia 20, ya bandia kwa asilimia 7 tu, sawa na kukaa bila dawa yoyote. Matarajio yaliituliza hisia ya kubanwa kifua, lakini hayakuifungua mirija.

Kwa hiyo tunaona swali la kumuuliza mgonjwa si "Unajisikiaje?" peke yake. Maumivu hupimwa kwa kauli ya mwenye nayo, nasi tunapaswa kuiamini. Presha, sukari na virusi vya UKIMWI havina kauli, vinahitaji kipimo. Walioacha dawa za kufubaza virusi kwa sababu ya kikombe walijisikia vyema huku virusi vikizaliana kimya kimya.

Sisi tunaotumwa kuwawekea wagonjwa mikono tuna deni hapa. Neno letu linaamsha matarajio, na matarajio yanatuliza maumivu kweli. Basi muumini akisema baada ya sala, "Nimepona," tusimbishie wala tusimshangilie mbele ya watu. Tumwambie: "Tumshukuru Mungu kwa nafuu hiyo. Kesho twende zahanati ukapimwe, na vidonge usiviache mpaka daktari aseme." Uponyaji wa kweli hauogopi kipimo.