Maneno ni ya Mwalimu, Sauti ni ya Nani?

Tuchukue mfano wa msichana wa Kiambere anayeomba nafasi ya kusomea uhandisi ng'ambo. Katika barua ya kujieleza ameandika kwamba bwawa lililoanza kutoa umeme mwaka 1988 liko mteremkoni chini ya kwao, ilhali yeye alidurusu usiku kwa koroboi. Mwalimu anayemsaidia ameikata sentensi hiyo kwenye Word na kuweka: "Tangu utotoni nimevutiwa mno na nishati." Pembeni ameandika: "Fupisha hapa."

Kishawishi ni kubonyeza Accept All Changes, na koroboi ikazimika! Afadhali kwanza ahifadhi nakala ya barua ya awali, kisha afungue All Markup na kupitia alama moja moja. Marekebisho ya tahajia na sarufi ayakubali bila ubishi. Sentensi iliyoandikwa upya aichague yote, ya zamani na mpya, ndipo abonyeze Reject. Akigusa sehemu tu, maneno yaliyokatwa yaweza kurudi na yale mapya yakabaki, sentensi ikawa na vichwa viwili.

Maoni ya pembeni, hata hivyo, asiyapuuze, kwani mwalimu ameona kweli kwamba sentensi ni ndefu. Basi aifupishe mwenyewe: "Bwawa liko chini ya kwetu; nilidurusu kwa koroboi."

Kabla ya kutuma, ahakikishe hakuna alama wala maoni yaliyosalia. No Markup huyaficha tu, haiyaondoi, na atakayeifungua barua huko ng'ambo aweza kuyaona yote.