Mustikere na mafuta ya mbu: muuzaji anaweza kuahidi nini?

Mvua zinaporudi Bukavu mwezi wa 9, biashara ya mbu nayo inarudi. Kwenye soko la Kadutu au Nyawera, mnunuzi anaweza kuambiwa kwamba mustikere fulani « inamaliza malaria » ao kwamba mafuta fulani « yanafukuza mbu usiku kucha ». Maneno hayo yanauza haraka, lakini yanaahidi kupita uwezo wa bidhaa.

Mustikere yenye dawa inafanya kazi kubwa. Mwaka 2018, mapitio ya tafiti ya Cochrane yalionyesha kwamba inapunguza visa vya malaria karibu nusu, na vifo vya watoto kwa 17 %. Kupunguza karibu nusu si kumaliza. Mbu wamoja wamezoea dawa ya kawaida ya mustikere. Ndiyo maana mwaka 2023 OMS ilipendekeza zile zenye dawa mbili kwa sehemu ambako mbu wamezoea ile moja. Basi muuzaji wa haki aseme: « Inapunguza hatari kwa mwenye kulala ndani yake. »

Mafuta ya kupaka yapimwe kwa masaa. Katika jaribio la maabara lililotangazwa Marekani mwaka 2002, mafuta yenye DEET karibu 24 % yalizuia mbu masaa 5 hivi. Yale ya sitronela hayakufikisha hata dakika 20. Jasho na maji vinapunguza muda huo tena. Kwa hiyo harufu kali haitoshi: mnunuzi asome kwenye chupa jina la dawa, kiasi chake na umri wa mtoto anayeruhusiwa kupakwa.

Tuchukue jamaa ya watu 6. Mama anapika sombe inje tangu saa 12 ya magaribi, watoto wanamuzunguka, wote wanaingia kulala saa 3 ya usiku. Kwa masaa hayo 3, mustikere iliyo chumbani haiwasaidie. Sitronela inaisha mbele sombe iive, lakini yale mafuta ya DEET yanaweza kuwafikisha kitandani. Kisha mustikere inapokea zamu, hasa kwa sababu mbu wa malaria anauma sana usiku. Kwa watu wawili wawili, wanahitaji mustikere 3, kingo zikiingizwa chini ya matela.

Mustikere ya muda mrefu imetengenezwa kudumu miaka 3 hivi, ao kufuliwa mara 20. Ikifuliwa kwa sabuni kali na kuanikwa juani, dawa inatoka mapema. Ikipasuka, mbu anapata njia.

Kuna ahadi moja ambayo hakuna bidhaa kati ya hizi inaweza kutoa: kuponyesha. Mtoto akipata homa, hata kama amelala ndani ya mustikere mpya, anapaswa kupimwa damu kwenye kituo cha afya siku ileile. Muuzaji anayesema hivyo hapoteze mteja. Anamuambia ukweli wa kile anachouza.