Barua ya mama anayenyonyesha

Juma hili tunawaletea habari ya mwenzetu mmoja wa hapa Mutarule. Jina lake hatutalitaja, wala mahali anapofanya kazi. Yeye mwenyewe amekubali tuwasimulie, kwa sababu wengi wetu tuna mambo kama yake na hatujui tuyaseme namna gani.

Mwenzetu alirudi kazini akiwa na mtoto wa miezi mitatu. Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili kwa siku, kila moja nusu saa, na muda huo unalipwa kama kazi. Nyumba yake iko karibu, shangazi alikuwa anamleta mtoto mpaka mlangoni. Lakini shefu wa ekipe alikataa pumziko la mchana. Mwisho wa mwezi, karatasi ya mshahara ilionyesha saa moja imekatwa.

Alikuja kwetu Siku ya Mungu na barua aliyoiandika usiku kwa hasira. Ilisema: “Shefu ananichukia, kila siku ananitesa, hapendi wamama.” Tulimwelewa, tena tulilia naye. Halafu tukamwuliza: kama mkubwa wa personeli atauliza “kila siku ni siku gani?”, utajibu nini? Wakipata siku moja tu ambayo shefu alikuacha utoke, barua yote itaonekana ya uongo. Na chuki iko ndani ya moyo wa mtu, hakuna anayeweza kuionyesha kwa kidole.

Kwa bahati nzuri alikuwa na kaye ndogo ambamo aliandika mambo siku ileile yalipotokea. Tukaandika upya pamoja, tukichukua tu kile alichokiona na kukisikia. Kiini cha barua kilikuwa hivi:

“Jumatatu tarehe 3 Juni 2024, saa tisa mchana, niliomba kutoka kumnyonyesha mtoto wangu. Shefu wa ekipe aliniambia: ‘Hapa hakuna ruhusa ya kunyonyesha.’ Nilibaki kazini. Jumatano tarehe 5 nilitoka saa tisa, nikarudi saa tisa na dakika 40. Alhamisi tarehe 6 nilitoka saa tisa, nikarudi saa tisa na nusu. Karatasi ya mshahara wa Juni inaonyesha saa moja imekatwa. Kwa heshima naomba mambo mawili: nipewe pumziko la pili kila siku, na muda uliokatwa uangaliwe upya kufuatana na sheria. Naomba jibu kabla ya tarehe 18 Julai.”

Zile dakika kumi za tarehe 5 alitaka kuzificha. Tukamwambia hapana, kaye ya mlinzi wa mlangoni inazo. Heri uziseme wewe mwenyewe kuliko zigunduliwe na wengine.

Alitoa kopi mbili. Tarehe 4 Julai alipeleka zote katika ofisi ya personeli, wakabaki na moja, na ile nyingine wakaitia tarehe, sahihi na muhuri, akarudi nayo nyumbani. Bila kopi hiyo, ofisi inaweza kusema haijapokea kitu. Kaye yake pia haikuiacha kazini.

Aliitwa tarehe 11. Shefu alisema mama huyu anatoka ovyo. Mkubwa wa personeli akaagiza kaye ya mlangoni, na saa zote zikalingana na barua, hata zile dakika kumi. Mshahara wa Julai ulirudisha dakika 50. Dakika kumi zilibaki zimekatwa, naye hakulalamika. Pumziko la mchana akapewa.

Si kila ofisi itajibu hivyo. Wakinyamaza mpaka tarehe uliyoandika ipite, andika barua ya pili fupi ukitaja tarehe ya ile ya kwanza, na umweleze mjumbe wa sendika kama yupo. Ikishindikana, peleka kopi zako kwa Inspekta wa Kazi. Yeye anawaita pande zote mbili kuwapatanisha, na tribinali ya kazi haipokei shauri ambalo halijapita kwake kwanza. Hapo ndipo ule muhuri na zile tarehe vinakusemea. Na kama jambo ni kupigwa au kushikwa kwa nguvu, usingoje siku za barua: tafuta msaada siku ileile.

Mwenzetu bado anafanya kazi chini ya shefu yuleyule. Wanasalimiana. Saa tisa mchana shangazi anafika mlangoni na mtoto, naye anatoka.