Bukavu: Mwenye malewa akiomba musamaha, aseme kwanza muchele ulilala wapi

Siku hizi odyo ya dakika mbili inatosha kufunga malewa. Mutu anasikika akisema alikula pale saa sita, na saa nane akaanza kutapika, yeye na wenzake wawili. Mbele ya jua kushuka, odyo imekwisha kuzunguka vikundi vya Wasapu toka Kadutu mpaka Panzi. Ndivyo ilivyoipata malewa moja ya hapa Bukavu, ambayo jina lake tunaliacha. Kesho yake mwenyewe akaandika: "Tunaomba musamaha kwa wateja waliosikia vibaya. Chakula chetu ni safi siku zote. Mupishi amekwisha kufukuzwa."

Maneno hayo yaliongeza kuni kwenye moto. Kama chakula ni safi siku zote, watu walitapishwa na nini? Na kama mupishi amefukuzwa, alifanya nini? Hapa kwetu Kivu swali la namna hiyo halikawii kupata jibu: karuho. Toka hapo watu wanaanza kuuliza yule mama anakaa avenyu gani, na sisi wote tunajua kundi lenye hasira linaweza kumufanyia nini mutu aliyeitwa murozi. Musamaha usiosema kitu unaweza kumuua mutu ambaye hata hakuuandika.

Kumbe maelezo yalikuwa ndani ya sufuria. Wote watatu walikula muchele wa kukaranga. Ulikuwa umepikwa jana yake jioni, umeme ukakatika, firigo ikazima, basi muchele ukalala usiku kucha katika sufuria kubwa iliyofunikwa. Asubuhi ukakarangwa kwa mafuta na vitunguu, ukanukia vizuri.

Kuna mikrobe ambayo wanganga wanaiita Basilusi sereusi. Mbegu zake zinakaa ndani ya muchele mubichi na hazifi kwa kuchemka. Muchele ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zinaamka, zinazaana na kuacha sumu. Sumu hiyo haina harufu, na moto wa kukaranga hauiondoe. Ndiyo maana "tulipasha moto sana" si jibu. Alama kubwa ni saa: mutu anatapika kati ya nusu saa na saa sita kisha kula, na mara nyingi anapona kwa siku moja. Salmonela, kwa mufano, kwa kawaida inakawia zaidi, na mara nyingi inaleta homa. Ni kweli, bila kupima chakula chenyewe hakuna mwenye kuapa. Lakini saa mbili, sahani moja kwa wote watatu, na sufuria iliyolala nje: mimi ningeangalia pale mbele ya kutafuta murozi.

Basi yule mwenye malewa angeandika hivi: "Siku ya Kwanza tuliuzisha muchele wa kukaranga uliopikwa Siku ya Yenga jioni. Firigo haikuwa na umeme, na ulibaki nje usiku wote. Tunafikiri ndio uliwagonjesha watu. Kosa ni langu, mimi niliyesema usitupwe. Mupishi alifuata neno langu, na yuko kazini. Aliyekula pale na angali anatapika, au anaharisha maji bila kusimama, aende kituo cha afya leo. Alete karatasi, nitalipa. Toka leo tunapika muchele wa sufuria ndogo, mara mbili kwa siku. Ukibaki jioni hauuzishwe kesho."

Mutu atasema: akiandika hivyo, watu wa usafi watakuja na karatasi za amande, na wateja watakimbia. Inawezekana, sikatai. Lakini wateja walikwisha kukimbia na odyo. Na anayekuja kukagua atakuta sufuria ndogo na neno lililoandikwa, kuliko kukuta mulango umefungwa na mama mupishi amejificha kwa dada yake.

Ahadi nayo iwe ile anayoiweza. Kusema "tutanunua firigo mupya" katika muji ambamo umeme unakwenda na kurudi kama mugeni, ni kudanganya mara ya pili. Muchele ukae moto sana juu ya makala mpaka uishe. Anayetaka kabisa kuuchunga, na umeme upo, autandaze katika beseni pana ili upoe mbio, uingie firigo mbele ya saa mbili kupita. Sufuria nzito iliyofunikwa inabaki vuguvugu katikati mpaka usiku wa manane.

Tangazo hilo lipelekwe katika vikundi vilevile vilivyopitisha odyo. Na karatasi ibandikwe kwenye mulango wa malewa, sababu wengi wanaokula pale, wabeba mizigo na wauza makala, hawana simu yenye Wasapu.