Tuanze na Mtaa, Kisha Runinga

Mgonjwa wa Kimara akosaye usingizi kwa kuhofia panya road huambiwa upesi apunguze runinga. Ushauri huo unaafiki nadharia ya George Gerbner: atazamaye sana huiona dunia kuwa katili kuliko ilivyo. Lakini mwaka 1979, Doob na Macdonald walipozingatia kiwango cha uhalifu katika mitaa ya Toronto, uhusiano wa runinga na hofu kwa jumla ulitoweka. Ulisalia hasa palipokuwa na uhalifu mwingi. Yaani runinga hukoleza hofu ambayo mtaa umekwisha kuipanda. Kwa hiyo, mhudumu, uliza kwanza: je, umewahi kuporwa? Njia yako ya usiku ina taa? Kisha ndipo uulize saa za runinga. Hofu yenye sababu haiponi kwa kuzima runinga pekee.