Roboti haipigi simu

Kwenye kipindi cha juzi niligusia kwamba roboti ya kuingiza data ilituongezea kazi, mkaniuliza ilikuwaje. Haya, hii hapa.

Ofisi yetu iko Queensburgh, hapa Durban, tunasambaza vipuri vya malori. Kila siku zinaingia ankara kama 80, na dada wawili walikuwa wanazichapa kwenye SAP, skrini ya MIRO: namba ya oda, idadi, bei, VAT. Nikaweka roboti ya UiPath, yaani programu inayosoma ankara na kuchapa kama mtu. Wiki ya kwanza tulishangilia.

Ila wasambazaji wakaanza kulalamika hawajalipwa. SAP inalinganisha oda, mzigo uliopokelewa na ankara. Bei ikizidi kiwango kinachoruhusiwa, malipo yanazuiwa. Zamani dada akiona bei haifanani, anampigia mnunuzi kwanza, wanarekebisha, ndipo anachapa. Roboti haipigi simu. Ilichapa tu, na orodha ya MRBR, ya ankara zilizozuiwa, ikajaa.

"Kaka, hujapunguza kazi, umeihamisha," dada mmoja akaniambia.

Alikuwa na haki. Nikachukua ankara 50 zilizozuiwa, nikafuatilia moja moja chanzo chake. 38 zilikuwa na hadithi ileile: mnunuzi kakubali bei mpya kwa barua pepe, lakini kwenye SAP imebaki ya zamani. Kwa hiyo kila oda ilizaliwa na kosa, na roboti ililifikisha mwisho wa safari haraka zaidi. Dawa haikuhitaji programu mpya. Tulikubaliana tu kwamba oda haitoki mpaka mnunuzi mwenyewe abadilishe bei kwenye ME12.

Bei zilipokaa sawa, likaja swali kubwa zaidi. Kama bei ya oda ni sahihi na ghala limeshahesabu mzigo, ankara tunaichapa ya nini? SAP ina MRRL, ambayo inatengeneza ankara yenyewe kutokana na oda na mzigo uliopokelewa. Hapo hakuna cha kuchapa, wala cha roboti kusoma.

Ina masharti yake, lakini. Kwa sheria ya VAT ya hapa Afrika Kusini, mnunuzi akijitengenezea ankara ya kodi lazima afuate masharti ya SARS: mkubaliane na msambazaji, yeye asitoe ankara yake kwa mauzo yaleyale, na wewe umpe nakala. Pia ghala likihesabu vibaya, unalipa vibaya. Ndiyo maana tumeanza na wasambazaji watatu tu.

Roboti sijaifuta. Inashusha taarifa za hesabu kutoka tovuti ya mteja mmoja ambayo hatuwezi kuibadilisha. Hapo inafaa, kwa sababu utaratibu si wetu.

Bosi wako akitaka roboti, mwombe kwanza siku mbili. Chukua ankara 50 zilizokwama, uliza kila moja kwa nini. Kama sababu nyingi zinafanana, anzia hapo.